Kupanga ratiba ya dawa kutoka picha za bahasha: saa, migongano na maswali ya mfamasia

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeachiwa kazi ya kumpangia mzazi au jamaa dawa zake kwa kutumia picha alizotumiwa kwenye simu. Tutafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mama wa miaka 64 anayeishi Kisauni, mwenye presha na upungufu wa damu. Wiki hii amepata maambukizi ya njia ya mkojo, goti linamuuma, na mafua yamemwingia juu yake. Dawa zake zimetoka sehemu tatu: kliniki anakohudhuria kila mwezi, daktari aliyemwona mjini, na kemisti ya mtaani. Kila sehemu ilimpa kwa nia njema, lakini hakuna iliyoziona dawa za wenzake. Wa kwanza kuziona zote pamoja ni wewe mwenye picha, na hapo ndipo kazi yako inapoanza. Kazi hiyo ni kupanga saa na kuibua maswali. Kumwachisha mtu dawa au kumbadilishia kipimo ni kazi ya mfamasia au daktari.

Majina ya dawa tumeyaacha jinsi yalivyochapwa kwenye lebo, na wewe fanya vivyo hivyo, kwa maana kuna dawa zinazotofautiana kwa herufi mbili tatu tu.

Hatua ya 1: Pata picha zinazosomeka

Picha iliyopitia WhatsApp hubanwa, kisha mtu akaipiga skrinishoti akaisambaza tena, ikabanwa mara ya pili. Kinachopotea kwanza ni nukta. Lebo iliyoandikwa 2.5 mg husomeka 25 mg, na hilo ni kosa la mara kumi. Kwa hiyo mwombe aliye karibu na mgonjwa apige picha upya na akutumie kama faili, kupitia alama ya kiambatisho kisha `Document`, si kama picha ya kawaida.

Kila dawa inahitaji picha mbili: ya bahasha yenye maelekezo, na ya karatasi ya bati ya tembe zenyewe au ya pakiti. Bahasha huandikwa na mtu kwa kalamu, bati huchapwa kiwandani. Zikitofautiana kwa jina au kwa nguvu, usichague unayoona ni sahihi. Liandike kama swali. Bati huakisi mwanga likawa jeupe tupu, basi lipigwe karibu na dirisha, limeinamishwa kidogo, bila taa ya simu. Pia mwambie asikate tembe kuanzia upande wenye jina, maana siku ya tatu jina litakuwa limekwenda na jaa.

Mwisho, omba ahesabu tembe zilizomo. Idadi hiyo utaitumia kukagua hesabu yako. Na kabla hujazipeleka picha popote, kata sehemu yenye jina la mgonjwa, namba ya simu na namba ya hospitali. Tarehe ya skrinishoti si tarehe ya kupewa dawa. Ile ya bahasha ndiyo ya kufuata.

Hatua ya 2: Fasiri maandishi ya bahasha

Mama wetu ana dawa sita, na bahasha zake zinasema hivi:

1. Losartan/Hydrochlorothiazide 50/12.5 mg, `1 OD mane 1/12` (presha)
2. Ferrous sulphate 200 mg, `1x2 1/12` (madini ya chuma, kuongeza damu)
3. Ciprofloxacin 500 mg, `1 BD 5/7` (maambukizi ya mkojo)
4. Paracetamol 500 mg, `2x3 PRN` (maumivu)
5. Diclofenac 50 mg, `1x3 pc 5/7` (goti)
6. Pakiti ya mafua, haina bahasha. Kemisti alimwambia kwa mdomo "moja mara tatu". Nyuma imechapwa Paracetamol 500 mg, Phenylephrine na Chlorpheniramine.

Namba ya kwanza katika `2x3` ni tembe unazomeza kwa wakati mmoja, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo ni tembe mbili, mara tatu. `OD` ni mara moja kwa siku, `BD` mara mbili, `TDS` mara tatu, `QID` mara nne. `mane` ni asubuhi na `nocte` ni usiku wakati wa kulala. `ac` ni kabla ya kula, `pc` ni baada ya kula. `PRN` ni pale inapohitajika tu, yaani maumivu yakiisha dawa haimezwi. `STAT` ni papo hapo, dozi ile moja. Usiandike "mara moja" kwa `STAT`, kwa sababu kwetu neno hilo lina maana mbili, na anayesoma ratiba hatajua ni ipi.

Sehemu inayowapotosha wengi ni zile namba zenye mkwaju. `5/7` si tarehe tano mwezi wa saba, wala si tembe tano kati ya saba. Chini ya mkwaju ni kipimo cha muda: 7 ni siku, 52 ni wiki, 12 ni miezi. Basi `5/7` ni siku tano, `2/52` ni wiki mbili, na `1/12` ni mwezi mmoja.

Sasa kagua kwa ile idadi ya tembe. Ciprofloxacin moja mara mbili kwa siku tano ni tembe 10. Ukiambiwa kwenye bahasha mna tembe 14, kuna jambo: pengine ni siku saba ukasoma vibaya, pengine ilihesabiwa vibaya. Hilo ni swali la kwanza kwenye orodha yako. Kwa mama wetu zimekutwa 10, kwa hiyo tunaendelea.

Hatua ya 3: Andika saa ambazo hazitasomwa vibaya

Hapa Pwani mtu akisema saa mbili asubuhi, simu yake inaonyesha 08:00. Mtoto aliyeko ng'ambo akiandika "saa 8" akimaanisha 8 ya simu, mama atameza saa nane mchana, saa sita baada ya wakati wake. Kosa hili hutokea hata kwa watu makini, kwa kuwa kila mmoja anajiona amesoma sawasawa.

Dawa yake ni kuandika zote mbili, kila mstari, bila kuacha: "Saa 1 asubuhi (07:00)". Weka simu kwenye mfumo wa saa 24 ili 07:00 na 19:00 zisifanane, na uipe kengele jina la dawa badala ya kuiacha tupu.

Kwa dawa ya mara mbili kwa siku, saa zetu zina wepesi wake: ukianza saa 1 asubuhi, ya pili ni saa 1 usiku, zikiachana kwa muda wa saa 12 kamili. Jua la Mombasa huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo saa 1 usiku daima ni muda mfupi baada ya Magharibi, alama ambayo mama haihitaji kengele kuikumbuka. Dawa ya mara tatu inayotakiwa kila saa nane hukaa vizuri saa 12 asubuhi (06:00), saa 8 mchana (14:00) na saa 4 usiku (22:00). Lakini si kila "mara tatu" ni saa nane kamili. Nyingine hufuata milo. Bahasha yenye `1x3` peke yake haikuambii ni ipi, na ni halali kumuuliza mfamasia.

Hatua ya 4: Tenganisha migongano miwili ambayo watu huichanganya

Kabla hujaanza kupanga saa, elewa hili, kwa sababu ndilo linaloamua ratiba yako itakuwa na faida au itakuwa karatasi nzuri tu ukutani. Kuna dawa zinazogongana zikikutana tumboni, na kuna zinazogongana zikiwa tayari zimeingia mwilini. Za tumboni unaweza kuzitenganisha kwa saa. Za mwilini huwezi. Diclofenac ya asubuhi na Losartan ya usiku bado zinakutana kwenye figo, hata ukiziachanisha kutwa nzima. Mtu akiona dawa mbili zisizopatana, haraka yake ni kuzisogeza mbali kwenye jedwali akaona amemaliza. Kwa aina hii ya pili hajafanya kitu.

*Mgongano wa tumboni: Ciprofloxacin na madini ya chuma.* Chuma hujishika na Ciprofloxacin ndani ya tumbo, vikawa kitu kimoja ambacho utumbo hauwezi kukinyonya. Dawa inatoka na choo. Mgonjwa amemeza tembe zote kumi, mkojo bado unachoma, na nyumbani wanasema dawa imemzoea. Maelekezo ya Ciprofloxacin ni kuimeza angalau saa 2 kabla ya chuma, au saa 6 baada yake. Kalsiamu, zinki, na dawa za kiungulia zenye Aluminium au Magnesium huleta shida ileile, kwa hiyo tembe za vitamini zilizosahaulika kabatini nazo zipigwe picha. Maziwa peke yake au mtindi vilevile. Chai ya maziwa na mahamri ndicho kiamshakinywa cha nyumba nyingi hapa, na tembe nyingi za Ciprofloxacin huteremshwa kwa kikombe hicho.

Tufanye hesabu. Ciprofloxacin ni saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Chuma kinatakiwa kije saa 2 au zaidi baada ya Ciprofloxacin iliyopita, na kiwe saa 6 au zaidi kabla ya Ciprofloxacin ijayo. Baada ya dozi ya asubuhi, mlango unafunguka saa 3 asubuhi (09:00). Kwa kuwa dozi ijayo ni 19:00, ukihesabu saa 6 kurudi nyuma, mlango unafungwa saa 7 mchana (13:00). Usiku vivyo hivyo: unafunguka saa 3 usiku (21:00) na kufungwa saa 7 usiku (01:00). Basi chuma kina nafasi mbili tu: kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, na kati ya saa 3 usiku na saa 7 usiku. Tunachagua saa 6 mchana (12:00), kabla ya chakula cha mchana, na saa 4 usiku (22:00), kabla ya kulala.

Kwa nini si saa 3 asubuhi, mlango unapofunguka? Kwa sababu ndiyo saa ya chai, na chai hupunguza chuma kinachonyonywa. Kuacha saa moja au mbili kati ya chai na chuma kunasaidia. Chuma kikimkorofisha tumbo akiwa na njaa, mfamasia anaweza kumruhusu akimeze pamoja na chakula. Na lipo swali la kuuliza moja kwa moja: je, chuma kinaweza kusitishwa kwa siku hizi tano hadi Ciprofloxacin iishe? Mara nyingi hiyo ndiyo njia nyepesi kwa mgonjwa, lakini uamuzi si wako.

*Mgongano wa mwilini: Diclofenac na dawa ya presha.* Bahasha ya kwanza ni dawa mbili ndani ya tembe moja. Losartan hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo. Hydrochlorothiazide huongeza mkojo na kupunguza maji mwilini. Diclofenac nayo hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio hilohilo. Zikifanya kazi pamoja, msukumo wa damu ndani ya chujio hushuka na figo inaweza kushindwa kuchuja, hasa kwa mtu mzima, na hasa akiwa amepungukiwa maji kwa kuharisha, kutapika au jasho la Kaskazi. Juu ya hayo, Diclofenac hupandisha presha ambayo tembe ya kwanza inajaribu kuishusha. Ibuprofen na dawa nyingine za kundi hilo zina tabia hiyohiyo, kwa hiyo kumbadilishia Diclofenac kwa Brufen si kutatua.

Ciprofloxacin nayo ina onyo lake kuhusu dawa za kundi la Diclofenac: zikichanganyika, uwezekano wa kupata degedege huongezeka kwa baadhi ya watu. Liandike chini ya swali hilohilo.

Kama Diclofenac haijaanzwa, isianzwe mpaka jibu lipatikane; Paracetamol ipo kwa muda huo. Kama ameshameza, piga simu siku hiyohiyo. Tembe ya presha isiachwe kwa kuogopa mgongano huu.

*Dawa moja yenye majina mawili.* Hii si mgongano, ni kujirudia, na ni rahisi kuiona ukishaandika jina lililochapwa nyuma ya pakiti badala ya jina kubwa la mbele. Paracetamol iko namba ya nne na iko pia ndani ya dawa ya mafua. Jumlisha kwa saa 24: tembe 2 za 500 mg mara tatu ni 3000 mg, tembe 1 ya mafua yenye 500 mg mara tatu ni 1500 mg. Jumla 4500 mg. Kikomo cha mtu mzima ni 4000 mg kwa saa 24, yaani tembe nane za 500 mg kutoka vyanzo vyote, na mtu mwenye uzito mdogo au maradhi ya ini hupangiwa chini ya hapo. Ikizidi, inayoumia ni ini, na siku ya kwanza mgonjwa anaweza asihisi lolote. Kwa hiyo moja kati ya hizo mbili lazima ipungue, na mfamasia aseme ni ipi. Phenylephrine iliyomo kwenye pakiti ya mafua hubana mishipa na inaweza kupandisha presha, sababu nyingine ya pakiti hiyo kusubiri jibu.

Hatua ya 5: Andika ratiba ya muda

Weka kwenye ratiba zile tu ambazo hazina swali la kuzizuia. Nyingine ziandikwe chini, chini ya neno ZISUBIRI, ili anayemhudumia mama asidhani zimesahauliwa akaziongeza mwenyewe.

| Saa yetu | Simu | Dawa | Namna |
|---|---|---|---|
| Saa 1 asubuhi | 07:00 | Ciprofloxacin 500 mg, tembe 1. Losartan/Hydrochlorothiazide, tembe 1 | Glasi nzima ya maji. Chai ya maziwa kuanzia saa 3 |
| Saa 6 mchana | 12:00 | Ferrous sulphate 200 mg, tembe 1 | Maji, kabla ya chakula. Hakuna chai hadi saa 8 |
| Saa 1 usiku | 19:00 | Ciprofloxacin 500 mg, tembe 1 | Maji. Hakuna maziwa wala mtindi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 usiku |
| Saa 4 usiku | 22:00 | Ferrous sulphate 200 mg, tembe 1 | Maji |
| Ikihitajika | | Paracetamol 500 mg, tembe 2 | Si zaidi ya mara tatu kwa siku, si chini ya saa 4 kati ya dozi |

ZISUBIRI: Diclofenac, dawa ya mafua.

Losartan/Hydrochlorothiazide tumeiweka asubuhi kwa sababu bahasha imesema `mane`, na sababu ya `mane` ni ule mkojo: ikimezwa usiku itamwamsha kila mara. Paracetamol hatukuipa saa maalumu kwa kuwa ni `PRN`. Ukiipa kengele, mtu huimeza hata siku asiyoumwa. Badala yake chora visanduku vitatu kwa kila siku, aandike saa ndani ya kisanduku kila anapomeza. Visanduku vikijaa, basi kwa siku hiyo.

Dozi ya kwanza ya Ciprofloxacin alimeza Jumatatu usiku. Hesabu tembe, si siku: Jumatatu moja, Jumanne hadi Ijumaa nane, na ya kumi inaangukia Jumamosi asubuhi. Andika "Mwisho: Jumamosi asubuhi" kwenye ratiba. Aliyehesabu siku tano kwa vidole kuanzia Jumatatu ataishia Ijumaa na kubakiza tembe.

Andika pia la kufanya dozi ikipita. Kwa Ciprofloxacin, aimeze akikumbuka, isipokuwa zikiwa zimebaki chini ya saa 6 kufikia ijayo. Hapo aiache na kuendelea na ile ijayo. Kamwe asimeze mbili kufidia. Akichelewa, chuma nacho kisogee au kiachwe kwa siku ile, kwa sababu zile nafasi tulizohesabu zimehama pamoja na Ciprofloxacin.

Neno moja la Ramadhani. Kati ya Alfajiri na Magharibi hapa Mombasa ni zaidi ya saa 13, kwa hiyo usiku unabakiwa na kama saa 10 na ushei. Dawa ya mara mbili inaweza kukaa futari na daku, ikiwa mfamasia ameridhika na mwanya huo usio sawa. Dawa ya kila saa nane haiingii bila kuvunja kitu, na mgonjwa aliye na maambukizi anayetumia pia dawa ya kuongeza mkojo anapaswa kuuliza kwanza kama afunge. Chuma na Ciprofloxacin ndani ya usiku mmoja wa Ramadhani havina nafasi ya kutosha: Ciprofloxacin ya futari saa 1 usiku inaufungua mlango saa 3 usiku, na ile ya daku saa 10 alfajiri imeshaufunga saa 4 usiku. Saa moja tu.

Hatua ya 6: Mpelekee mfamasia maswali yanayojibika

Ukimtumia picha tu na "angalia hizi daktari", utajibiwa juujuu, na si kosa lake. Foleni iko mbele ya kaunta. Hakikisha unayezungumza naye ni mfamasia mwenyewe, si muuzaji wa zamu. Mpe umri, uzito, maradhi, mzio, hali ya figo kama imewahi kupimwa, na mitishamba yoyote anayotumia, kisha maswali machache yenye namba:

"Asalaam aleikum daktari. Namuulizia mama, miaka 64, kilo 58, ana presha na upungufu wa damu, hana mzio tunaoujua, figo hazijapimwa mwaka huu, hatumii mitishamba. Orodha ya dawa na picha ziko hapo chini.
1. Ciprofloxacin nimeiweka 07:00 na 19:00, chuma 12:00 na 22:00. Ni sawa, au chuma kisitishwe hadi Jumamosi?
2. Yuko kwenye Losartan/Hydrochlorothiazide na Ciprofloxacin. Amepewa Diclofenac 50 mg mara tatu, hajaianza. Atumie, au kuna mbadala kwa goti?
3. Paracetamol na dawa ya mafua zikijumlishwa ni 4500 mg kwa siku. Tuache ipi? Na hiyo Phenylephrine inafaa kwa presha yake?
Ahsante, naomba jibu kabla ya saa 1 usiku."

Jibu likija, liandike kwenye ratiba pamoja na tarehe na mahali lilikotoka. Ukijibiwa kwa simu, rudia ulichosikia kwa maneno yako, hasa namba, kabla hajakata.

Hatua ya 7: Jua kipi si cha kusubiri jibu

Andika nyuma ya karatasi dalili za kumpeleka hospitali bila kungoja ujumbe: uso au midomo kuvimba, kupumua kwa shida, mkojo kupungua sana, degedege, kuzirai, homa kali pamoja na maumivu ya ubavuni, au maumivu ya ghafla nyuma ya kifundo cha mguu. Hayo ya mwisho yanahusu Ciprofloxacin, ambayo inaweza kudhuru mishipa inayoshika misuli kwenye mfupa, zaidi kwa wenye miaka 60 na kuendelea. Akiyapata, asimeze tembe inayofuata kabla hajaonwa.

Kuna dalili moja inayohitaji maelezo, kwa sababu katika mfano huu ina sababu mbili. Chuma hufanya choo kiwe cheusi au kijani iliyokoza, na hilo ni la kawaida. Diclofenac inaweza kuchubua tumbo likavuja damu, na damu hiyo nayo hutoka nyeusi. Choo cha chuma huwa kimeshikamana na harufu yake haibadiliki sana. Cha damu hunata kama lami, hung'aa, na kina harufu nzito isiyo ya kawaida. Mara nyingi huja na kizunguzungu, mapigo ya haraka au maumivu ya tumbo. Kama mama ameshaonja Diclofenac hata mara mbili, usimwache mtu aseme "ni zile tembe za kuongeza damu tu" kabla mama hajaonwa. Ndiyo maana tarehe aliyoanza chuma inaandikwa kwenye ratiba: choo kilichogeuka siku chache baada ya kuanza chuma, na kile kilichogeuka siku ya pili ya Diclofenac, havisomwi sawa.

Jumamosi asubuhi, tembe ya kumi ikishamezwa, piga picha bati tupu kama uthibitisho, kisha futa mistari ya Ciprofloxacin na kengele zake mbili. Chuma kinabaki na masharti ya chai peke yake, kwa hiyo saa zake zinaweza kurudi pale mama alipozizoea, na kikombe cha maziwa cha alfajiri kinaruhusiwa tena. Karatasi ya zamani iondolewe ukutani siku hiyohiyo. Ratiba mbili zikibandikwa pamoja, wa jioni atasoma moja na wa asubuhi atasoma nyingine.